Kazi ya Ijumaa jioni inayotakiwa Jumatatu asubuhi: utoze ngapi, na ukatae lini

*"Shikamoo mwalimu. Nafasiri Kiingereza kwenda Kiswahili hapa Dodoma, bei yangu ni shilingi 100 kwa neno. Ijumaa saa 11 jioni mteja alinitumia mwongozo wa mafunzo ya wahudumu wa afya, maneno 6,000, akautaka Jumatatu saa 2 asubuhi. Niliongeza asilimia 20, nikakesha usiku mbili, nikamaliza. Lakini kazi ya mteja mwingine ya shilingi 300,000 niliyomwahidi Jumatatu mchana ilichelewa, akaipeleka kwingine. Ada ya haraka inapigwaje hesabu? Na nitajuaje kwamba kazi hii ni ya kukataa?"*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuiangalie hesabu ya kazi uliyokwisha kuifanya, maana ndiyo itakayokuonyesha kosa lilipo. Maneno 6,000 kwa bei yako ya kawaida ni shilingi 600,000. Uliongeza 120,000, ukapata 720,000. Lakini kazi ya 300,000 iliyokuponyoka imetoka mfuko huohuo, kwa hiyo wikiendi ile imekuachia 420,000. Ukigawa kwa maneno 6,000 unapata shilingi 70 kwa neno. Ulikesha usiku mbili ili umpe mteja punguzo la asilimia 30.

Hiyo asilimia 20 naifahamu. Wafasiri tunaambiana: mmoja huongeza asilimia 25, mwingine 50, mwingine hutoza mara mbili. Hakuna aliyekosea, lakini kila mmoja anakutajia jibu la hesabu yake bila kukuonyesha hesabu yenyewe. Ukianza na asilimia, hujui kama inatosha. Anza na saa, kisha saa zikupe pesa, na pesa ndiyo ikupe asilimia kama mteja anataka kuisikia.

Kati ya Ijumaa saa 11 jioni na Jumatatu saa 2 asubuhi kuna saa 63. Mteja huziona zote, na wewe ukiwa umechoka huziona zote pia. Toa usingizi, chakula, ibada, kufua, watoto. Mtu anayefasiri vizuri hapiti saa tisa za kazi halisi kwa siku bila maandishi yake kuanza kulegea. Kwa hiyo ulichokuwa nacho ni saa tatu za Ijumaa usiku, tisa za Jumamosi na tisa za Jumapili. Jumla 21.

Sasa kazi yenyewe inakula saa ngapi? Usikisie. Fungua faili katikati, si mwanzoni, kwa sababu dibaji na shukrani huwa nyepesi na zinadanganya. Chukua aya ngumu ya wastani, weka saa mezani, fasiri nusu saa, kisha hesabu maneno. Kwa mwongozo wa afya wenye istilahi za kawaida, mfasiri mzoefu hupata maneno 250 hadi 300 kwa saa, na kuisoma upya tafsiri yake sambamba na matini asilia ni kama maneno 1,000 kwa saa. Tuseme wewe ni wa 300. Maneno 6,000 yanataka saa 20 za kufasiri na saa sita za kupitia, jumla 26. Una saa 21. Zile tano zilizopungua uliziiba kwenye usingizi wako, na baada ya hapo ukaziiba kwenye Jumatatu ya mteja wa pili.

Hapo ndipo jibu la kwanza lilipo, kabla hata ya bei. Kazi ile, yote kwa pamoja, kwa mtu mmoja, haikuwa ya kukubaliwa kwa bei yoyote. Ada ya haraka hununua muda wako wa mapumziko, lakini haiongezi saa kwenye siku. Watu wengi wanachanganya hapa: mteja akipandisha dau mara mbili, wanaona kazi imewezekana. Bado ni saa 26 ndani ya saa 21.

Ila hukulazimika kusema hapana moja kwa moja. Ungemuuliza mteja swali moja: "Jumatatu saa mbili asubuhi mnafanya nini na hiki kitabu?" Mara nyingi sana jibu ni kwamba mafunzo yanaanza Jumatatu, lakini siku ya kwanza wanatumia sura mbili tu. Au kinapelekwa kiwandani kuchapwa, na mpangaji kurasa hawezi kushika maneno 6,000 kwa mkupuo mmoja. Kazi ya haraka karibu kila mara ina kipande kinachohitajika kweli na kipande kilichobebwa na kile cha kwanza. Tuseme kipande cha kweli ni maneno 4,000. Hayo yanataka saa 13 na dakika kidogo za kufasiri na saa nne za kupitia, kama saa 17 na nusu. Kwenye saa 21 hiyo inaingia, na zinabaki saa tatu na nusu za kupokea masahihisho ya msomaji wa pili. Maneno 2,000 yaliyobaki unamletea Jumatano jioni kwa bei ya kawaida.

Ungeweza pia kumpa mwenzako yale 2,000. Nakuonya tu kwamba kugawana kazi hakupunguzi saa kama unavyodhani. Wewe utaandika "mhudumu wa afya ngazi ya jamii", yeye ataandika "mhudumu wa afya wa jamii", na wanafunzi darasani watauliza kama ni kada mbili tofauti. Mkigawana, kaeni kwanza dakika arobaini mkubaliane istilahi ishirini au thelathini, na mmoja wenu aisome kazi nzima mwishoni. Hizo saa ziingie kwenye bei.

Tuje kwenye pesa. Saa 26 kwa shilingi 600,000 ni kama shilingi 23,000 kwa saa. Hiyo ndiyo thamani ya saa yako ya kawaida, na ukishaijua umemaliza nusu ya kazi. Saa ya mapumziko ina thamani gani? Wapo wanaobuni. Mimi nachukua kipimo kilichopo tayari: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inamtaka mwajiri alipe saa za ziada kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kazi ya siku ya mapumziko ya wiki mara mbili. Wewe hujaajiriwa na mteja, kwa hiyo sheria hiyo haimbani. Lakini ni kipimo ambacho ofisa yeyote wa manunuzi anakielewa, na akikuuliza kwa nini, una la kumwonyesha.

Kwa maneno 4,000, bei ya kawaida ni 400,000. Saa 12 za Ijumaa usiku na Jumamosi zinaongezewa nusu: 12 mara 11,500, yaani 138,000. Saa tano na nusu za Jumapili zinaongezewa saa nzima: 126,500. Hapo ni kama 265,000. Msomaji wa pili ambaye siku za kawaida unamlipa, tuseme, shilingi 15 kwa neno, Jumapili anataka 25; tofauti hiyo ni 40,000. Halafu yule mteja wa Jumatatu mchana. Ungempigia Ijumaa hiyohiyo, kabla hujakubali kazi mpya, umwombe akupe hadi Jumanne na umpunguzie asilimia kumi kwa usumbufu. Hiyo ni 30,000, na anayepaswa kuilipa ni mteja aliyeleta haraka. Jumla ya nyongeza ni 335,000, na bei yote 735,000 kwa maneno 4,000. Ukiigeuza kuwa asilimia ni kama 84.

Unaona ilivyo mbali na 20. Na siku nyingine hesabu hiihii itakupa 15, kwa mfano kazi ya maneno 1,500 iliyoletwa Jumanne asubuhi kwa ajili ya Jumatano mchana, wiki ambayo huna kazi nyingine. Hapo haraka yake haijakugharimu kitu kikubwa, na hakuna haja ya kumkamua mtu kwa sababu tu ameandika neno "haraka" kwenye barua pepe.

Bei hiyo usimtumie mteja peke yake. Mtumie mbili, ili achague yeye. Ujumbe wangu huwa mfupi hivi:

*"Nimeisoma faili. Nina njia mbili. Ya kwanza: kazi yote Alhamisi saa 10 jioni, shilingi 600,000. Ya pili: sura ya 1 hadi ya 4 (maneno 4,000) Jumatatu saa 2 asubuhi kwa shilingi 735,000, na sura ya 5 na ya 6 Jumatano saa 10 jioni kwa shilingi 200,000. Njia zote mbili zina msomaji wa pili. Naomba jibu leo kabla ya saa 2 usiku. Baada ya hapo njia ya pili haitawezekana."*

Tazama mambo mawili katika ujumbe huo. Sikuomba radhi kwa bei wala sikueleza maisha yangu. Na nimempa saa ya kujibu, kwa kuwa saa zile tatu za Ijumaa usiku ziko ndani ya hesabu. Akijibu Jumamosi asubuhi zimekwisha kupotea. Wengi watachagua Alhamisi. Usihuzunike. Umejua kwamba haraka yao ilikuwa ya mazoea, na umepata kazi kwa bei yako kamili.

Sasa kukataa. Kuna sababu moja nataka nikae nayo, kwa kuwa iliwahi kunikuta.

Miaka kadhaa nyuma nilipokea fomu ya ridhaa ya utafiti wa kitabibu, maneno kama 3,000, ikitakiwa asubuhi. Mteja alilipa mara mbili bila kubisha. Saa tisa usiku nikafika kwenye maelekezo ya kupimwa damu: mshiriki asile kitu chochote baada ya 8 p.m. siku ya kabla ya kipimo. Nikaandika "baada ya saa nane usiku". Nafasiri kila siku, na kugeuza saa za Kiingereza kuwa za Kiswahili ni jambo la wiki ya kwanza katika kazi hii. Lakini usiku ule mkono uliandika nane kwa sababu jicho liliona nane. Mshiriki angekula hadi saa nane za usiku, saa sita nzima zaidi ya alizoruhusiwa, na kipimo cha asubuhi kingetoa majibu ya uongo. Nilipoipitia alfajiri sikuliona. Sentensi ilikuwa Kiswahili safi, na kosa la namna hiyo halipigi kelele. Aliyeliona ni muuguzi mstaafu anayenisomea kazi za afya, saa moja asubuhi, kabla sijatuma. Alinipigia simu akauliza tu, "Hawa watu wanakula daku?"

Tangu siku hiyo, kazi ambayo kosa lake linamfikia mgonjwa, mshtakiwa au mtu anayeweka saini, siichukui kwa haraka kama msomaji wa pili hajanithibitishia kwa mdomo wake kwamba yupo na ana saa za kunisomea. Bei haihusiki. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, nacho kinataka tafsiri ipitiwe na mtu asiyekuwa mfasiri mwenyewe. Kwa hiyo mteja akikuambia "acha kuhariri, tuletee hivyohivyo", anakuomba kitu kingine kabisa, na jina litakalobaki kwenye kazi ni lako. Mwongozo wako wa wahudumu wa afya uko kundi hili. Naomba uufungue leo uangalie vipimo vya dawa, saa na namba zote, ukiwa umelala vizuri. Ukikuta kosa, mwandikie mteja mara moja umwambie ukurasa na mstari.

Hizo namba na saa ndizo pa kuanzia siku zote ukikagua kazi iliyofanywa kwa kukesha. Dalili nyingine ni sentensi iliyorukwa. Hesabu aya za asilia na za tafsiri, sura kwa sura. Zisipolingana, kuna mahali uchovu umekula. Ya tatu ni istilahi moja kuwa na sura mbili: ukurasa wa 3 "rufaa", ukurasa wa 19 "kuhamishiwa". Mpaka wa uchovu huonekana waziwazi kwenye faili, na ukiujua wako uko saa ngapi, utajua usipange kazi kupita hapo. Wangu uko saa tano usiku.

Sababu nyingine za kukataa ni za haraka kueleza. Faili ambayo hujaiona usiikubali, hata mteja akisema ni "kurasa kumi tu". Kurasa kumi za PDF iliyopigwa skani, zenye majedwali na mihuri, zinaweza kukula siku nzima kabla hujafasiri neno. Mteja ambaye ankara ya kazi iliyopita hajailipa hapewi haraka, kwa kuwa anakuomba umkopeshe Jumapili yako juu ya deni. Na kama kuna mtu uliyekwisha kumwahidi, mpigie yeye kwanza. Akikataa kusogeza, kazi mpya umeshaikataa.

Zipo kazi ndogo ambazo hesabu ya saa inazionea. Mtu anakuja na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ya kurasa mbili anaitaka kwa Kiingereza leo, au barua moja ya ubalozi. Ni saa moja ya kazi, lakini inakukatiza mchana mzima: kufungua, kuuliza tahajia ya majina, kuchapa, kusubiri aje. Kwa hizo weka kima cha chini kisichobadilika. Mimi nahesabu nusu siku, yaani saa nne za kawaida, hata kama maneno ni 400. Na kuna wale ambao sitozi nyongeza kabisa. Mtu ana mgonjwa anayesafirishwa kwenda kutibiwa nje na anahitaji kuielewa taarifa ya daktari usiku huu, huyo namfanyia kwa bei ya kawaida, na mara nyingine bure. Hilo ni juu yako. Ila lifanye kwa kuamua, usilifanye kwa sababu ulishindwa kutaja bei.

Ukikubali kazi ya haraka, andika masharti matatu kwenye ujumbe huohuo wa bei. Saa yako inaanza kuhesabiwa faili kamili ikishafika pamoja na nusu ya malipo; akituma Ijumaa nusu ya sura na nyingine Jumamosi jioni, saa ya mwisho inasogea kwa muda uleule. Mabadiliko ya matini asilia baada ya kuanza yanahesabiwa upya, na hili ndilo litakalokuokoa, kwa sababu watu wenye haraka huwa bado wanaandika wanapokutumia. La tatu linakubana wewe: ukichelewa kwa kosa lako, nyongeza ya haraka inaondoka na unabaki na bei ya kawaida. Mteja akiliona hilo hubishana kidogo sana juu ya bei, kwani anajua analipia kitu ambacho asipokipata hakilipii.

Wateja wa ng'ambo wana jambo lao. Akiandika kwamba anaitaka "mwisho wa siku Ijumaa" naye yuko New York, saa 11 jioni yake ni saa 6 usiku kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa 7 usiku wakati wa baridi. Tofauti hiyo inaweza kukupa saa za bure au kukunyang'anya. Andika tarehe na saa ya Afrika Mashariki kwa tarakimu, 08:00 na si "saa mbili", ili yeye asikosee kama nilivyokosea mimi.

Na kama mteja wako huyu kila kazi yake ni ya Ijumaa jioni, mara ya tatu acha kumtoza haraka, kaa naye. Mwambie: nikuwekee saa kumi kila wiki, unazilipia zikitumika zisitumike, na ndani yake unapata kazi kesho yake bila nyongeza. Mimi nina wateja wawili wa namna hiyo, na Jumapili zao zote zimerudi kwangu.

Bado kuna yule uliyempoteza. Mpigie simu, usimwandikie. Mwambie kazi yake ilichelewa kwa kuwa ulikubali nyingine juu yake, basi, bila hadithi ndefu. Akikupa kazi nyingine, mpe tarehe yenye siku moja ya ziada kuliko hesabu yako inavyosema, kisha umletee siku moja kabla.